Tulitafuta "Jisaidie, Mungu atakusaidia" katika Biblia yote

Juma hili hatuwaletei habari ya sabuni wala ya masomo ya watoto. Tunawaletea kosa letu sisi wenyewe, sisi wa komite. Baadhi yenu mmekwisha kulisikia sokoni likiwa limeongezwa chumvi, basi afadhali mlisome hapa lilivyokuwa.

Mnajua sheria ya mfuko wetu wa huruma. Kila siku ya posho kila mmoja analeta franka 500, na aliyekosa juma tatu mfululizo hapewi kitu mpaka alipe deni lake. Ni sheria tuliyoiweka sote, na ilikuwa na sababu: mwaka wa kwanza kulikuwa na waliokuja tu wakati wa kupokea. Sasa, mwenzetu mmoja, anayeuza sombe karibu na kituo cha mabasi, alikosa juma nne. Mumewe alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na habari zake zilikatika. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, hawezi tena kukaa juani. Alizaa kwa operesheni. Alilipa alichokuwa nacho, na zikabaki franka 60,000. Mpaka zilipwe haruhusiwi kutoka, yeye na mtoto wake. Wengi wenu mnalijua jambo hilo, si la hospitali moja tu.

Siku ya tatu alimtuma binti yake wa kwanza, mtoto wa miaka 12, aje kutuomba. Mfuko siku ile ulikuwa na zaidi ya franka 100,000. Tuliangalia daftari, tukaona misalaba minne mbele ya jina la mama yake, tukatazamana. Mmoja wetu akamwambia mtoto: "Mwambie mama, imeandikwa katika Biblia, jisaidie, Mungu atakusaidia. Atafute kwanza kwa ndugu zake." Wengine tulitikisa kichwa kukubali. Tuliona tumesema neno la hekima, tena la dini.

Kesho yake asubuhi mtoto akarudi. Hakuja kuomba makuta tena. Alisimama mlangoni na kipande cha karatasi na kalamu, akasema: "Mama anawasalimu. Anasema alitafuta usiku ule mstari wenu hakuuona. Anaomba mmwandikie ni kitabu gani na sura gani, apate kuusoma."

Msifikiri alikuwa anatudhihaki. Tunamjua, si mtu wa hivyo. Alikuwa amelala pale na Biblia yake, ameambiwa kwamba Mungu amesema neno juu ya shida yake, naye alitaka kulisoma.

Mwenye kusema akajibu haraka, "Mithali." Sura gani? "Moja ya zile za katikati." Mwingine akasema hapana, ni Yakobo. Wa tatu akasema ni Yesu mwenyewe alisema, katika Matayo. Mtoto alikuwa ameshika kalamu anangoja. Tulimwambia aende, tutamletea jibu jioni.

Ndivyo tulivyoanza kutafuta. Mithali ina sura 31, tulikuwa sita, tukagawana, kila mmoja sura tano, na mmoja akapewa sita. Tulikubaliana kwamba kila atakayeona kitu kinachofanana, hata kwa mbali, atie alama. Kulipokuwa na giza tulikutana tena tukasoma alama zetu kwa sauti.

Kulikuwa na mengi juu ya kazi, hilo hatutaki kuficha. Katika sura ya 6 mvivu anatumwa kwa chungu akajifunze namna anavyoweka akiba bila msimamizi. Katika sura ya 10 mkono mlegevu unaleta umaskini. Lakini hakuna mahali pa kusema kwamba Mungu anangoja mtu ajisaidie kwanza ndipo naye amsaidie. Na mama aliyepewa sura za mwisho alitusomea mstari wa 26 wa sura ya 28, unaomwita mpumbavu yule anayetegemea moyo wake mwenyewe. Tuliguna. Huo ulikuwa karibu kinyume cha maneno yetu. Kisha yule aliyesoma sura ya 19 akatusomea kwamba anayemhurumia maskini anamkopesha Bwana, na yule wa sura ya 21 akasoma mstari wa 13, na sauti yake ikapungua alipokuwa akiusoma, maana unasema juu ya mtu anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini, kwamba na yeye atalia na hatajibiwa. Hatukuongeza neno. Tulifunga vitabu tukanywa maji.

Usiku ule tulitazama pia kile kitabu kinene cha kutafutia maneno ya Biblia, ambacho mume wa mmoja wetu alikipata alipokuwa anasomea uchungaji. Kinapanga kila neno la Biblia kwa alfabeti na kuonyesha mistari ambamo limo. Tulitafuta "saidia", tukatafuta "msaada", tukatafuta "mbingu". Mistari ya msaada ni mingi, nasi tuliipitia tukiuliza jambo moja tu: anayesaidiwa hapa ni nani? Zaburi ya 121, mtu anayeinua macho akitafuta msaada wake utatoka wapi, na jibu ni kwa Bwana. Isaya sura ya 25, Mungu ni ngome ya maskini na mhitaji. Barua kwa Waroma sura ya 5, Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa bado hatuna nguvu. Mlango ulikuwa uleule kila tulipougonga: anayesaidiwa ni yule asiyeweza.

Mmoja wetu, Mkatoliki, akasema tusifanye haraka, kwa sababu Biblia zetu si sawa. Ile ya Waprotestanti ina vitabu 66, ile ya Wakatoliki ina 73. Huenda neno hilo limo katika vile saba: Tobiti, Yuditi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo. Tulisema kweli, hatuwezi kusema halimo katika maandiko ya Kikristo kama tumesoma ya upande mmoja tu. Basi naye akachukua Yoshua bin Sira, kwa sababu kinafanana na Mithali, na ndimo tulipodhani limejificha. Halimo. Lakini alituletea sura ya 38, na ilitufaa kuliko tulivyotazamia. Mwandishi anamwambia mgonjwa asali kwa Mungu, kisha ampe mganga nafasi yake, maana yeye pia Mungu ndiye aliyemweka. Sala na dawa havishindani. Wala haambiwi mgonjwa ajiponye.

Kuna mwenzetu Mwislamu katika kikundi, naye alipotusikia alisema kwao kuna aya inayokaribia, katika sura ya 13, Ar-Raad, aya ya 11: kwamba Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyo ndani yao. Lakini akaongeza mwenyewe kwamba pale wanasemwa watu, kundi zima, na kinachosemwa ni mioyo yao, si mama mmoja aliyekosa franka. Tulimshukuru.

Sasa ilibaki kujua: kama halikutoka katika Biblia, lilitoka wapi hata likatuingia hivi kinywani?

Jibu alilileta mwalimu wa Kifaransa anayepanga katika avenyu yetu. Tulipomwuliza, alicheka, akasimama palepale kama mwanafunzi anayesema shairi mbele ya darasa. Ni kisa cha La Fontaine, Mfaransa aliyeandika hadithi za wanyama na watu kwa mashairi, ambazo watoto wetu wanazikariri shuleni mpaka leo. Kisa hicho kilitoka mwaka 1668, kimo katika kitabu chake cha sita cha hadithi hizo. Wengi wetu tulikikariri pia, tena kwa fimbo, tukasahau hadithi, tukabaki na mstari wa mwisho. Shule hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha katekisimu, kwa hiyo kichwani vitu viwili vililala katika sanduku moja.

Tutawasimulia kwa maneno yetu, kwa sababu sisi wenye barabara za mvua tunakielewa kisa hiki kuliko hata Wafaransa. Mtu anaendesha gari la farasi lililojaa nyasi kavu, huko Bretagne, mbali na mji wowote. Gari linazama katika potopoto. Hakuna wa kumsaidia. Anakasirika, anatukana shimo, farasi, gari, na nafsi yake. Mwishoni anaomba. Na hapa ndipo tulipofungua macho: anamwomba nani? Hamwombi Baba yetu wa mbinguni. Anamwomba Herkule, mungu wa Wagiriki wa zamani, yule mwenye nguvu nyingi. Anamwambia, wewe uliyeibeba dunia mgongoni, unaweza kunitoa hapa. Sauti inamjibu kutoka mawinguni: angalia kwanza kinachozuia magurudumu, ondoa hilo tope, chukua sururu uvunje jiwe linalokupinga, jaza njia ya gurudumu. Umemaliza? Ndiyo. Basi, inasema sauti, sasa nakusaidia, shika mjeledi. Anaushika, na gari linatoka. Ndipo anaambiwa maneno yale tuliyomtumia mwenzetu hospitalini.

Na La Fontaine hakukizua. Alikitoa katika hadithi za Esopo, Mgiriki, na Wagiriki walikuwa wanasema maneno ya namna hiyo karne nyingi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Wana nyingine ya mtu aliyezama baharini anaita mungu wao wa kike Atena, na mwenzake anayeogelea anamwambia, pamoja na Atena, sogeza na mkono wako. Wafaransa nao walikuwa na methali hii zamani kuliko La Fontaine: mtakatifu Yohana wa Arki aliitaja mbele ya mahakimu wake mwaka 1431, alipoulizwa habari za kutoroka gereza. Yeye aliitaja kama methali. Kwa Kiingereza iliandikwa na watu wengi, na Mmarekani Benjamin Franklin aliiweka katika almanaka yake ya mwaka 1736. Hakuna kati yao aliyeitoa katika Biblia.

Tuliposikia hadithi yote tulianza kuitazama kwa jicho la mtu aliyekwama kweli. Yule mwenye gari alikuwa na nini? Alikuwa na farasi. Alikuwa na sururu. Alikuwa na mjeledi, na mikono miwili mizima, na mgongo usiokuwa na mshono wa operesheni. Alichokosa ni akili ya kutulia. Kwa mtu huyo shauri lile ni zuri sana, na hatulifuti. Lakini mbingu katika hadithi hiyo ilifanya nini? Haikusukuma gari. Haikuinua jiwe. Ilisema tu. Ukimtoa yule mtu farasi, sauti ile haina la kumwambia.

Mweka hazina wetu hakukubali upesi, na tunamheshimu kwa hilo. Yeye ndiye analinda makuta yenu. Alisema: vizuri, mstari haumo, lakini maana yake imo, kwa sababu Paulo anasema asiyefanya kazi asile. Tukafungua barua ya pili kwa Watesalonike, sura ya 3, mstari wa 10. Tuliusoma polepole. Paulo hasemi asiyefanya kazi. Anasema asiyetaka kufanya kazi. Na mistari inayofuata inaonyesha alikuwa anawasema watu gani: walioacha kazi zao wakawa wanazunguka kujiingiza katika mambo ya wengine. Kati ya asiyetaka na asiyeweza kuna mto mpana, na sisi katika daftari letu tulikuwa na alama moja tu kwa wote wawili.

Akaleta mwingine, wa barua kwa Wafilipi, sura ya 2, pale waumini wanapoambiwa wautimize wokovu wao kwa hofu na kutetemeka. Hapo ni mstari wa 12. Mama wa upande wa pili akasoma wa 13, unaosema ni Mungu anayetenda ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Ni neno moja limekatwa na namba. Tangu siku ile tuna desturi, mtu akileta mstari mmoja tunamwomba asome na unaoufuata.

Kisha barua kwa Wagalatia, sura ya 6, ambayo ilituchanganya. Mstari wa 2 unawaambia watu wabebeane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu ataubeba mzigo wake. Mweka hazina akapiga mkono mezani: "Mnaona?" Yule mume wa mwenzetu aliyesomea uchungaji alitueleza kwamba katika Kigiriki ni maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni furushi la kila mtu la safari. Hatujui Kigiriki, lakini hilo tulilielewa mara moja, kwa sababu kati yetu kuna waliobeba mizigo kutoka bandarini kwa miaka, kamba kwenye kipaji. Mama wa kazi ile anabeba mzigo wake mwenyewe, hamwombi mtu ambebee. Lakini je, mmekwisha kumwona anayejitwika mwenyewe? Mzigo wa kilo 60 hauwezi kutoka chini na kufika mgongoni bila watu wa kukutwika. Unachuchumaa, unaita anayepita, "Mama, nitwike." Anakutwika, anakwenda zake, na wewe unatembea kilometa zako. Kumwambia aliyechuchumaa "jitwike" ni maneno yasiyo na maana katika lugha yetu.

Na tukiwa katika lugha: ilikuwa ni mzee mmoja wetu aliyekumbusha kwamba kwa Kiswahili mtu akisema "nakwenda kujisaidia" anakwenda chooni. Tulicheka mpaka machozi. Tulihitaji kucheka usiku ule.

Kulikuwa na habari mbili za Biblia tulizokaa nazo muda mrefu. Ya kwanza ni ya Yohana sura ya 5, mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38 kando ya ziwa la Betesda. Maji yalipotibuliwa watu walishuka, naye kila mara mwingine alimtangulia. Yesu akamwuliza kama anataka kupona. Naye akajibu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Angalieni sheria ya mahali pale: mwenye nguvu za kufika ndiye anayepona. Ndiyo sheria yetu ya misalaba. Na Yesu hakumwambia ajikaze safari ijayo. Mmoja wetu alisema, lakini alimwambia asimame, achukue mkeka wake, basi na yeye alifanya kitu. Ni kweli. Wengine tukajibu kwamba alisimama kwa nguvu aliyopewa, hakupewa nguvu kwa kuwa alisimama. Hapo hatukupatana wote, na bado hatujapatana.

Ya pili ni ya kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Tunaiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyotutoa vitini. Mjane mmoja, mume amekufa na kuacha deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Nabii anamwuliza, una nini nyumbani? Hana kitu ila chupa ya mafuta. Mpaka hapo mtu atasema, hii ndiyo methali yetu, aanze na alicho nacho. Lakini nabii anaendelea: nenda ukaazime vyombo kwa majirani zako wote, vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Anakwenda, anafunga mlango, anamimina, wana wanamletea. Anaposema leteni kingine, wanajibu hakuna tena. Na mafuta yanakoma. Anayauza, analipa deni, wanaishi kwa kilichobaki.

Tulijaribu kutenganisha kazi ya kila mmoja. Mjane alitembea, akamimina, akauza. Mungu alizidisha. Na majirani? Majirani walitoa mabidoni matupu. Kitu kidogo kabisa. Lakini mafuta yalikoma vilipoisha vyombo, si kabla. Kama majirani wangesimama mlangoni wakamwambia jisaidie, angebaki na chupa yake na deni lake, na watoto wangechukuliwa. Tukahesabu: mwenzetu alikuja kwa majirani zake kuazima chombo, na chombo kilikuwepo ndani ya sanduku, na funguo tatu za sanduku tulikuwa nazo sisi.

Ilikuwa usiku wa manane ya siku ya tano. Asubuhi, siku ya posho, tulifungua sanduku mbele ya mkutano wote, tukasoma hesabu, tukaeleza tulivyojibu na tulivyokosa. Wamama walipiga kura kwa mikono. Mikono miwili haikuinuka, hatuwataji, walitoa sababu zao. Saa tano tulikuwa hospitalini na franka 60,000 na kitambaa cha kumbebea mtoto. Msichana mwenye kipande chake cha karatasi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Tulimwambia: mstari haupo, mwanangu, tulidanganya bila kujua. Akaandika neno "haupo" akaenda kumpelekea mama yake.

Sheria ya juma tatu hatukuifuta. Tuliona kwamba ukiifuta, wale wa mwaka wa kwanza watarudi, na mfuko utakufa kabla ya mvua. Tulichobadilisha ni alama. Mtu akikosa juma mbili, wawili wetu wanakwenda kwake kabla ya juma la tatu, si kudai, kutazama. Wanatazama kama jiko lina majivu ya leo, kama biashara imesimama kwa ugonjwa au mwenyewe ameiacha, na wanawauliza majirani wa pande zote mbili, kwa sababu mwenye haya atasema yu mzima na mjanja atasema anakufa. Wakirudi wanaandika moja ya maneno mawili: "hataki" au "hawezi". Wa kwanza anafuata sheria kama zamani. Wa pili mfuko unambeba mpaka miezi mitatu, na franka 500 zake zinaandikwa kama deni bila faida. Tangu tuanze, nyumba tulizotembelea ni saba. Sita tuliandika "hawezi". Ya saba tulibishana, na tunakiri tulikosea, kwa kuwa tuliandika "hawezi" na mama huyo alionekana juma lilelile katika sherehe na kitenge kipya. Amelipa.

Mwenzetu wa sombe amerudi mahali pake karibu na kituo. Mtoto anakua, amekwisha kutoa meno mawili. Hakutusema kwa ubaya hata mara moja, jambo ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko kama angetusema. Siku aliyorudi mkutanoni alilipa juma zake nne kwanza, franka 2,000 katika noti zilizokunjwa, ndipo akakaa.

Mweka hazina bado anaisema methali yake, hasa kwa vijana wanaokaa kutwa chini ya mwembe kucheza karata. Lakini sasa anaongeza, "kama alivyosema La Fontaine."